Usimeze neno usiloweza kulitapika

Niko hapa kimbwetani nasubiri kipindi cha saa nane, basi ngoja niwape ya jana.

Kuna dada mmoja Mjerumani, yuko hapa chuo muhula mmoja anasoma Kiswahili. Jana usiku kagonga mlango wa rumu yetu. Mwenzangu akauliza, "Nani?" Dada akajibu kwa kujiamini kabisa, "Mi!"

Tulicheka jamani. Yeye akashangaa: si kila siku mnasema "mi sjui", "mi naondoka"? Kweli tunasema. Ila hiyo "mi" haisimami peke yake, inaegemea neno linalofuata. Ukiulizwa nani, unajibu "mimi" nzima. Na "we" ni vivyo hivyo: "we unaenda?" ni sawa, lakini "We!" peke yake ni kumfokea mtu. Kitabu hakijamwambia hayo, na sisi wasemaji hatukuwahi hata kuyafikiria.

Sasa wengine hapa wanamwambia aachane na vitabu, aongee kama sisi. Mi nakataa, nusu. Msimamo wangu ni huu: mwanafunzi wa lugha aige kifupi pale tu anapoweza kukirudisha kwenye urefu wake.

Chukua "nshakula". Ukiifungua unapata nishakula, kisha nimeshakula, na mwisho kabisa nimekwisha kula. Anayeijua njia hiyo haipati shida, anapanda na kushuka atakavyo. Ila yule dada aliimeza kama kidonge. Nilipomuuliza kama ameshakula, akanijibu "sishakula"! Yaani kachukua "sha" akaibandika kwenye ukanushi, wakati jibu ni "sijala", "sha" haimo na ile "ku" nayo inaondoka. Ukisikia mtu anasema "sishakula", jua kwamba kaiga sauti kabla ya kujua imetoka wapi.

Na kumeza kuna mipaka. "Nitakuja" inakuwa "ntakuja" bila tatizo, maana "ni" inabaki "n" na bado tunakusikia kuwa ni wewe unayesema. Lakini "utakuja" hatuikati hivyo. Ukiondoa "u" hatujui nani anakuja. Halafu kuna "naenda". Dada aliisema kwa haraka mno ikawa "nenda", mwenzangu akauliza, "Niende wapi?" Alitaka kuaga, akawa anatoa amri.

Msidhani namcheka mgeni tu. Mi mwenyewe natoka Munanila, zamani tulikuwa Kasulu, tangu 2012 tuko Buhigwe. Nyumbani ni Kiha, Kiswahili nilikikuta darasani, tena kile cha kitabu. Nilipofika chuo washkaji wakasema naongea kama nasoma taarifa ya habari. Aibu ikanishika, nikaanza kumeza kila kitu: ntakuja, nshafika, twenzetu. Hayo sikuyajutia. Lililoniponza ni "-ga".

Mnaijua: "anasemaga", "tunaendaga". Hii haikatwi, inaongezwa. Kwetu Waha ni rahisi sana kuichukua kwa sababu Kiha chetu kinayo "-ag-" ya mazoea, kama Kirundi cha jirani. Kiswahili cha kitabu kinatumia "hu-" au "huwa": yeye husema, huwa anasema. Mi nilisikia hata watoto wa mjini wanasema "nakulaga", nikaona basi ni ruksa. Nikaandika kwenye insha "wataalamu wanasemaga". Mhadhiri kaizungushia kalamu nyekundu, alama zikaenda.

Nilikasirika, lakini baadaye nikaelewa kosa langu. "Ntakuja" siwezi kuiandika kwenye insha hata nikilala, maana nikishika kalamu "nitakuja" inakuja yenyewe, ipo kichwani. "Husema" haikuwepo. Niliijua ya mtihani wa sekondari tu, mdomoni sikuwa nayo. Ile "-ga" haikuwa mtindo wangu wa pili, ilikuwa ndiyo pekee niliyonayo. Hapo ndipo pa kujipima.

Kwa hiyo jana nimemwambia dada hivi: sikiliza vifupi vyote kuanzia leo, la sivyo hutatuelewa hata kidogo. Vya kusema, anza na "ntakuja" na "nshafika", ukiwa na wenzako. "Mi" iwe na kitu mbele yake. "-ga" ielewe, ila usiiseme mpaka "hu-" ikutoke bila kufikiri. Na ukikwama, sema ndefu. Hakuna aliyewahi kukosa chakula hapa kwa kusema "sijala".

Akanijibu, "Sawa, ntajaribu." Nikamwambia aifungue. "Nitajaribu." Kapita!

Naomba kutoa hoja. Nakimbia kipindi, nshachelewa.