Elfu 45 niliyoikataa, na meseji niliyotuma

Wiki jana ajensi fulani ilinitumia ofa: video moja ya sekunde 60 na stori 3, elfu 45. Kodi ya bedsita yangu ni elfu 9, so hiyo ni miezi 5 ya kulala bila kuogopa keateka. Mteja wao ni apu ya mikopo ya simu.

Nimekataa. Na kabla mtu aseme najifanya mtakatifu, nilikaa na hiyo brifu siku nzima nikitafuta sababu ya kukubali. Nikaangalia orodha ya Benki Kuu ya wakopeshaji wa kidijitali wenye leseni, na wako. Kisheria wako fiti, hakuna mahali pa kujifichia.

Shida ilikuwa hesabu. Unaomba 2,000, wanakata 300 ya ada hapo hapo, unapata 1,700, na baada ya siku 14 unarudisha 2,000. Hiyo 300 ni karibu asilimia 18 ya pesa uliyoshika, kwa wiki 2 tu. Msee akizungusha huo mkopo mwaka mzima, analipa ada mara 26, yaani 7,800, na bado anadaiwa. Sasa mimi ndiye yule wa kuonyesha vile mwanafunzi wa kampasi anakula wiki nzima na 1,000: ndengu, sukuma, omena, mayai Jumapili. Brifu ilitaka niseme hiyo apu "iliniokoa mwisho wa mwezi". Sijawahi kuitumia. Tena walitaka haki ya kulipia ile video iendeshwe kama tangazo kwa siku 90 kutoka akaunti yangu, so sura yangu ingefikia hata watu hawajawahi kuona kontenti yangu.

Kukataa nilishajua. Kuandika ndiko kulinisumbua, juu mwaka jana niliharibu. Kampuni nyingine ilinitafuta, nikaogopa kusema la, nikaandika "kwa sasa niko bize". Akarudi baada ya wiki mbili. Nikasema bei iko chini kidogo. Akapandisha! Mwishowe nikanyamaza, na yule dada alikuwa anashughulikia pia wateja wa vyakula. Hajawahi kuniandikia tena, na simlaumu.

Kwa hivyo safari hii nilituma hivi:

"Habari ya asubuhi. Asante kwa kunifikiria, na kwa kuweka bei na masharti wazi mapema. Nimesoma brifu yote na sitaifanya hii kazi. Ukurasa wangu ni wa wanafunzi wanaojaribu kumaliza mwezi bila kukopa, kwa hivyo sitangazi mikopo ya simu ya kampuni yoyote. Si suala la bei wala tarehe. Mkiwa na mteja wa chakula, gesi au vyombo vya jikoni, nitafurahi tuongee. Uwe na wiki njema."

Jibu liko kwa sentensi ya tatu, halijazikwa chini ya asante kumi. Yeye ana mteja anamngoja. Akijua mapema anatafuta mwingine. Sababu ni moja tu. Ukitoa tatu, atajibu ile nyepesi na mazungumzo yanaanza upya. Hayo maneno "ya kampuni yoyote" yana kazi mbili: yanamwambia sijamtusi mteja wake, na yananifunga mimi pia. Mwezi ujao nikionekana na apu nyingine, atajua nilimdanganya.

Kwa drafti ya kwanza nilikuwa nimeweka ile hesabu ya 7,800, nikaitoa. Yeye hajaweka hizo ada, ni mfanyakazi tu, na hesabu nawapa nyinyi hapa. Pia nilikuwa nimeandika "nawatakia kampeni njema", nikafuta. Siwezi kuombea mafanikio kitu nimekataa kuwauzia watu wangu. Na skrinshoti sitapost, msiombe. Brifu ilitumwa kwangu, si kwa umma.

Alijibu kwa nusu saa: "Sawa kabisa, asante kwa kujibu haraka." Halafu akaniuliza kama kuna kriyeta mwingine ningependekeza.

Hapo ndio nilikwama, manze. Nina rafiki anapika kama mimi, wafuasi ni wale wale wa kampasi, na ana deni la fii. Nikaandika, "Kwa hii sina wa kupendekeza." Jana nilimwambia, nikidhani atacheka. Akaniuliza nani alinipa ruhusa ya kumkatalia yeye pia. Bado sijapata jibu la kumpa, na hiyo elfu 45 labda ishapata mwenyewe.