Kamera Inasoma Neno, Haijui Kitufe

Wanachuo wenzangu, siku hizi mtu akikutana na mashine yenye maandishi asiyoyajua, hata hasumbuki kuuliza. Anatoa simu, anafungua programu ya kutafsiri, analenga kamera, na maandishi ya Kijapani yanageuka Kiswahili palepale kwenye kioo. Tukio hilo lina raha yake, nakiri. Ila mimi limeshanitia hasara, na juzijuzi lilikaribia kutia watu wengine hatarini. Ndiyo maana naandika.

Nianze na hasara yangu. Mjomba anaendesha teksi hapa Musoma, safari zake nyingi ni za Bunda. Gari ni lile la kawaida kwetu, limetumika Japani kabla ya kuja huku, na kioo cha redio kimejaa Kijapani kitupu. Shida yake ilikuwa ndogo: redio haipandi zaidi ya 90. Akaniambia, "Wewe si msomi? Hebu nitafutie hapo pa kubadilisha."

Nikalenga kamera. Nikaona 設定, ikaandika "Mipangilio". Safi. Nikaingia ndani, nikakuta mstari wa 個人情報初期化. Kamera ikasema "Uanzishaji wa taarifa binafsi". Nikajua hapa ndipo gari linapoanza kumtambua mmiliki mpya, labda na nchi aliyopo. Nikabonyeza. Likaja swali lenye vitufe viwili, はい na いいえ, yaani "Ndiyo" na "Hapana". Kamera ilivisoma vizuri kabisa. Nikabonyeza "Ndiyo".

Kioo kikazima, kikawaka. Simu zote zilizounganishwa hazipo. Sehemu alizohifadhi kwenye ramani hazipo. Mjomba hakugomba, alinyamaza tu mpaka tukafika stendi, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko matusi.

Baadaye ndipo nikaelewa. Neno 初期化 lina vipande viwili: 初期 ni hatua ya mwanzo, na 化 ni kugeuza kitu kiwe hivyo. Ukiviunganisha kwenye kitufe, maana yake ni kukirudisha kifaa kama kilivyotoka kiwandani, yaani futa kila kitu. "Uanzishaji" si tafsiri ya uongo, kamusi itaikubali. Lakini Mswahili akisikia kuanzisha anafikiria kufungua jambo jipya, hafikirii kufuta la zamani. Herufi zilisomwa sawasawa, neno likatafsiriwa kwa namna inayoweza kutetewa, na kitufe bado kikaeleweka kinyume.

Na chanzo chenyewe cha safari ile? Redio ya FM ya Japani ilipangwa kuanzia 76 hadi 90, na siku hizi wameipandisha hadi 95. Kwetu tunatumia 87.5 hadi 108. Redio ile ilijengwa hivyo, hakuna menyu ya kuirekebisha. Fundi hufunga kifaa kidogo kwenye waya wa antena, kinachoshusha masafa ili redio iyapokee. Nilikuwa natafuta kwenye menyu kitu ambacho hakikuwepo, na kila neno lisiloeleweka nikaliona kama mlango.

Sasa la pili, lenye hatari kubwa zaidi. Butiama, shambani kwa jamaa mmoja, kulikuwa na pawatila iliyotumika Japani. Pembeni ya wenzo unaoendesha visu vya kulimia kuna alama mbili tu, moja juu na moja chini: 入 na 切. Vijana walikuwa wameshalenga kamera kabla sijafika. Ile ya chini ikasomeka "kata". Ile ya juu, rangi yake imechubuka, mara ikaandika "ingia", mara "mtu".

Fikiria uko pale. Unataka visu vizunguke vikate udongo, na simu inakuambia "kata". Utasukuma wapi? Wote walikubaliana kwamba "kata" ndiko kulima. Na mmoja alikuwa ameshainama kutoa majani yaliyonasa kwenye visu, akisema wenzo uwekwe kwenye ile nyingine ili vitulie.

Ukweli ni kinyume chake. Kwenye swichi na wenzo wa Kijapani, 入 ni kuwasha au kuunganisha, na 切 ni kuzima au kutenganisha. Herufi 切 kweli ni ya kukata, lakini hapa kinachokatwa ni nguvu ya injini, kama sisi tunavyosema "wamekata umeme". Herufi 入 ni ya kuingia, yaani nguvu inaingia. Bahati nzuri injini ilikuwa imezimwa, na mwenye mashine alikuja akatuonyesha.

Lile la "mtu" nalo lina sababu yake. 人 ndiyo herufi ya mtu, na inatofautiana na 入 kwa jinsi mistari miwili inavyokutana pale juu tu. Rangi ikichubuka kichwani, kamera haina cha kushikilia. Kwenye sentensi ndefu maneno ya jirani huisaidia kukisia. Kitufe hakina jirani, kina herufi moja au mbili basi. Na palipo na vitufe viwili vilivyobanana, mara nyingine huvisoma kama sentensi moja, ikatoka maana isiyo ya chochote kati ya hivyo viwili. Ongeza mng'ao wa jua kwenye kioo, au mistari inayotembea ukilenga kioo cha gari, hapo tafsiri inarukaruka huku kitu chenyewe kimetulia.

Wapo watakaosema tuache kabisa kutumia kamera. Sikubaliani nao. Kujua menyu ipi ni ya sauti na ipi ni ya ramani, kamera inatosha, na ukikosea unabonyeza 戻る, yaani rudi, yanaisha. Hoja yangu ni kwamba kusoma na kubonyeza ni kazi mbili, na ya pili inahitaji ushahidi zaidi.

Ushahidi huo unapatikana hivi. Usisome maandishi yanayocheza, piga picha kwanza, kisha tafsiri picha. Chagua herufi kwenye picha uone kamera imedhani imeona nini, halafu ilinganishe na ile iliyo kwenye kitufe, mstari kwa mstari. Kisha tazama jozi. Vitufe vilivyokaa pamoja kwa kawaida hupingana: washa na zima, ndiyo na hapana. Ukipata "mtu" na "kata", hiyo si jozi, basi moja imesomwa vibaya au zote hazijaeleweka. Kwenye kioo, ukiona 初期化, 消去 au 削除, toa kidole, yote yanahusu kufuta au kurudisha mwanzo. Na kwenye mashine yenye visu, injini izimwe, fuata waya wa wenzo uone unavuta nini, na mkono usiingie kwenye visu kwa kutegemea tafsiri ya simu, hata ikiwa sahihi.

Sisi wa chuo tukirudi nyumbani, watu wanatuita tuwasomee mashine zao. Tukikosea, gari si letu na mkono si wetu. Mjomba bado ananibeba bure kwenda Bunda. Redio nayo bado inaishia 90, na mimi siigusi tena.