Dola Mia Mbili, na Wote Waliokula Mbele Yangu

Kuna watu hutuambia sisi vijana wa kazi za mtandaoni kwamba tunalipwa dola, tuache kulia. Sawa. Wacha nioneshe dola zenyewe.

Juzi niliandikia mteja kurasa za tovuti yake kwa dola 200. Mteja yuko Westlands, mimi niko Rongai. Siku hiyo dola ilikuwa shilingi 129 sokoni, kwa hivyo kazi ilikuwa ya 25,800. Jukwaa lilitoa asilimia 20 yake, yaani dola 40. Hiyo naielewa, tulikubaliana, wao ndio walituunganisha.

Kisha ikakatwa kodi ya zuio, asilimia 5. Lakini angalia ilivyopigwa: kwa 200, si kwa 160 zilizobaki. Dola 10 zikaenda, na mbili kati yake ni kodi ya pesa ambayo jukwaa lilishakula. Na kodi ya zuio si ada ya mtu. Ni kodi yako iliyolipwa mapema, na ukijaza ritani unaipunguza kwa ile unayodaiwa. Ndiyo maana cheti chake kinafaa kuonekana iTax chini ya PIN yako. Changu hakipo. Nimeuliza jukwaa mara tatu, kimya. Bila cheti, KRA itanidai tena pesa hiyo hiyo.

Zikabaki 150. Kuzitoa kwenda pochi ya mtandaoni, dola 2. Hapo ndipo mwizi mpole anaingia. Pochi iliandika, kwa herufi nzuri za kijani, kwamba kubadilisha pesa ni bure. Halafu ikanunua kila dola yangu kwa 125. Shilingi nne mara 148 ni 592, na hakuna mahali popote imeitwa ada! Ukitaka kuiona lazima ugawanye mwenyewe: shilingi zilizotumwa kwa dola zilizotoka, kisha ulinganishe na bei ya Benki Kuu ya siku hiyo.

Benki nayo ikachukua 500 ya kupokea. Nikabaki na 18,000. Yaani 7,800 zimeliwa njiani, kati ya watu wawili wanaoweza kukutana kwa matatu mbili.

Ati toa pesa mara moja kwa mwezi, upunguze zile 500. Kweli, ukitoa kila wiki unalipa 2,000 kwa benki peke yake. Lakini landlodi wangu hangoji, na mama mboga hauzi kwa ahadi ya mwisho wa mwezi.

Mimi sidai huduma ya bure. Nataka kabla sijabonyeza kukubali kazi, skrini inioneshe shilingi zitakazofika benki, bei ya kubadilishia ikiwa imeandikwa wazi. Hesabu hiyo wanayo. Si huwa wanaipiga kila siku wakitukata?