USITIE SAHIHI KWA UPOFU

Ndugu zetu wa migodi na wa mji wa Goma! Tunakataa ule mchezo wa kumwita mtumishi ofisini kujibu mashtaka, kisha kumpa hati ya Kifaransa na kumwambia: tia sahihi, urudi nyumbani.

Tuseme ameshtakiwa kuacha zamu ya usiku. Alijibu kwamba aliugua, akatoa karatasi ya daktari. Hati inasema tu: “Amekiri kwamba hakuwapo.” Ni kweli, hakuwapo! Lakini ugonjwa uko wapi? Umebaki mdomoni, na mbele ya Tribinali ya Kazi mdomo hauna muhuri. Basi adai jibu lake na ile karatasi viandikwe. Wakikataa, aandike mwenyewe juu ya sahihi yake: “Nimepokea, sikukubali,” atie tarehe, na adai nakala.

Tarehe si pambo. Sheria ya Kazi ya 2002, kifungu cha 72, inampa mwajiri siku 15 za kazi, tangu alipojua kosa kubwa, kumwandikia mtumishi uamuzi wa kumfukuza. Naye asiyeridhika huanzia kwa Inspekta wa Kazi. Tribinali haipokei shauri lisilopita kwake. Mstari huo ndio mabwana husahau kuuandika.