STAA, HIYO TIKETI YA BEI CHEE MZIGO UKO WAPI?

Kuna staa mmoja, jina kapuni, asili yake Kayanga, katupia tiketi yake ya Mwanza–Dar ya 90,000 na kuwacheka waliolipa 130,000, eti "mmepigwa". Dada, unawapoteza watu wetu wa Karagwe na Kyerwa!

Hiyo bei chee ni ya kiti na kibegi cha mkononi basi. Fastjet walipoanza Mwanza–Dar Novemba 2012 mfumo ulikuwa huo huo: nauli inaanzia 32,000 kabla ya kodi, begi kubwa unalipia pembeni.

Sasa tupige hesabu. Mtu wa Nkwenda haendi Dar mikono mitupu. Maharage, ndizi na senene, kilo 20 hizo. Tuseme begi ukililipia mapema ni 30,000, ukisubiri mpaka kaunta 50,000. Ukikutwa kaunta, ile 90,000 yako imefika 140,000. Yule "aliyepigwa" alilipa 130,000 na kilo 23 zimo humo humo. Nani kapigwa hapo?

Ukisafiri na begi la mgongoni tu, bei chee ni halali yako, sibishi. Ila usitangaze nauli bila kutaja mzigo. Wadau, tiririkeni!