Kilulu ku telefone ni kilulu tu

Mu kampanye ya mwaka 2023, mu grupu moja ya WhatsApp ya bafanyakazi ya mugodi, mutu moja alituma picha ya kandida wake. Ni kitu ya kawaida, wakati ile kila mutu alikuwa anatuma yake. Lakini chini ya picha aliweka emoji tatu: 🐜🧳🚂. Hakuandika hata neno moja. Batu kumi na mbili bakajibu na 😂.

Usiku ile ile, fundi moja ya umeme akatoka mu grupu. Kesho asubuhi, mu bisi ya kazi, hakusalimia mutu. Alishuka mu karieri, akafanya posti yake yote kimya. Sisi batu ya sendika tulipita siku mbili bila kuelewa ni nini ilifanyika. Badogo mu grupu balituuliza: "Bakubwa, mubaya iko wapi? Kuko sisimizi, valizi na treni. Haina tusi." Bakubwa, beye, hawakuuliza. Balikuwa banajua.

Tunaandika hii leo, wakati hakuna kampanye na roho ya batu iko chini. Tukingoja mwaka 2028, tutakuwa tumechelewa.

Kwa batoto wenye walizaliwa nyuma ya mwaka 2000, tuelezee pole pole. Mu mwaka 1992 na 1993, hapa kwetu Katanga, politike iliingia mu nyumba ya bafanyakazi na ikawatosha inje. Parti UFERI ilikuwa na vijana yake, JUFERI. Gavana alikuwa Kyungu wa Kumwanza. Ku mikutano na mu njia, ndugu zetu wenye asili ya Kasai baliitwa "bilulu". Kila mutu wa Lubumbashi anajua kilulu ni nini: ni kadudu kenye mutu anaponda na kiatu bila kufikiri. Neno ile ilitangulia, kisha mapanga na moto bikafuata. Mu Likasi na mu Kolwezi, familia mingi balifukuzwa mu nyumba ya Gécamines, na balilala ku gare juma na juma, balingoja treni ya kuwapeleka Kasai, inchi yenye wengine kati yao hawakuiona hata siku moja. Batoto balikufa pale ku gare, juu ya magonjwa na njaa. Batu walioondoka banahesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Sasa murudie ku zile emoji tatu. 🐜 ni kilulu. 🧳 ni "funga mizigo". 🚂 ni treni ya Likasi. Mutu anaweza kusema historia nzima ya 1992 na vidole bitatu, bila kuandika neno moja lenye tribinali itasoma.

Njo pale hatari ya emoji inakaa. Neno iko na luga: tusi ya Kiswahili inasomwa na mwenye kujua Kiswahili. Emoji haina luga. Mutu wa Kolwezi, wa Mbuji-Mayi na wa Kinshasa beko banaiona sawa sawa. Tena mwenye kuituma iko na mulango wa kukimbilia: "Nilikuwa nacheka tu." Na wenye kutafuta maneno mabaya hawaikamati. Mu Kenya, mwaka 2022, komisyo ya serikali ya umoja na mapatano, NCIC, ilitosha liste ya maneno ya chuki mbele ya uchaguzi, na ndani yake mulikuwa "mende" na "madoadoa". Ilikuwa kazi ya kujaribu, hata kama batu walibishana nayo sana. Lakini mutu mwenye kuogopa kuandika "mende" anabonyeza 🪳, na liste inapita pembeni. Na Rwanda batu bote banajua neno "inyenzi", maana yake mende, ilifanya nini ku redio mu 1994.

Hatusemi kila emoji ya kampanye ni mubaya. Tungesema vile, mungetucheka, na mungekuwa na haki. Mu 2023, Tshisekedi alikuwa na numero 20 na Katumbi numero 3. Mutu akiweka 2️⃣0️⃣ ao 3️⃣, anasema tu kura yake inaenda wapi. Ni haki yake. Mazembe iko na ngwena ku nembo yake na inaitwa Kunguru. Lupopo ni timu ya bashemino, rangi yake bulu na manjano. Sasa prezida wa Mazembe ni Katumbi, na prezida wa Lupopo ni Kyabula Katwe, mwenye alikuwa gavana wa Haut-Katanga kuanzia 2019. Njo maana 🐊 ao 💛💙 mu wakati wa kampanye inaweza kuwa mupira, inaweza kuwa politike, na mara mingi ni byote bibili. Mutu wa kutoka mbali hataelewa. Sisi wa hapa tunaelewa, na tunaishi nayo. Siku ya derbi tunagombana, kesho tunashuka pamoja.

Basi mupaka uko wapi? Sisi tunauweka hivi: alama yenye kusema "mimi niko wa nani" ni ya kampanye; alama yenye kusema "weye uko nini" ao "weye uende wapi" ni ya vita. Numero, rangi na ngwena binasema juu ya mwenye kutuma. Kilulu, valizi na treni binasema juu ya mutu mwingine. Alama moja inaweza pia kuvuka mupaka. 🔥 chini ya muziki ya kandida ni sifa. 🔥 chini ya picha ya nyumba ya mutu, ao ya biro ya parti ingine, ni kitisho. Kwa hiyo usiangalie emoji peke yake. Angalia iko chini ya nini, na inamuelekea nani.

Tena kuko jambo ya telefone zenyewe. Emoji yenye unatuma haiko picha. Ni numero tu, na kila telefone inachora yake. 🔫 ni mufano. Kuanzia 2016 Apple iliigeuza kuwa bunduki ya maji, kitu ya batoto ya kuchezea, na kampuni zingine zikafuata. Lakini telefone ya zamani, kama zenye tunauziana mu soko, ilibakia na bunduki ya kweli. Moja anatuma muchezo, mwenzake anapokea kitisho. Kunguru mweusi, 🐦‍⬛, aliingia mu 2022 na amejengwa na alama mbili zenye zinashikana. Ku telefone ya zamani zinaachana: ndege ya kawaida, na pembeni kisanduku cheusi. Mutu anauliza: "Hii sanduku nyeusi ni nini? Ni sanduku ya mufu?" Mu wiki ya uchaguzi, ulizo kama ile inaweza kuzaa ngumi.

Tusisahau kidole: 👍. Mu WhatsApp, ukigusa ile 👍 chini ya mesaji, majina ya bote wenye waliiweka binatokea. Wenzetu wa sutretansi, wenye kontra ya miezi mitatu mitatu, banajua hii mubaya yake. Shefu iko mu grupu. Anaona nani alipenda kandida gani. Siku kontra haiendelei, hakuna mwenye atakuambia ni juu ya kidole, na hakuna kitu ya kuonyesha. Kwa hiyo tunasema waziwazi kwa bandugu ya sutretansi: grupu ya kazi si kibanda cha kura. Kura yako iko siri ku biro ya kupigia. Usiitoshe siri mu grupu ya shefu wako.

Na sheria? Kuko sheria, na ni ya zamani. Ordonansi-sheria numero 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966 inapiga azabu mutu mwenye kuonyesha chuki ya kabila ao ya jimbo, na haisemi maneno tu: inasema pia maandiko, ishara, picha na nembo. Waliiandika wakati hakukuwa telefone ya mufuko, lakini mulango waliuacha wazi. Kilulu mudogo wa rangi ku skrini ni picha. Mwenye kusema "sikuandika kitu" asijidanganye. Lakini sisi wenyewe tunajua sheria inakuja nyuma ya damu. Mwisho wa Novemba 2023, ku Kasenga, mu jimbo yetu hii, mukubwa moja wa vijana ya parti Ensemble alikufa mu mapigano kati ya batu ya parti mbili. Hakuna sheria yenye ilimurudisha.

Turudi ku grupu yetu. Siku ya tatu tulimuita kijana mwenye alituma zile emoji. Iko na miaka 23. Alisema aliipokea mu grupu ingine, na juu yake kulikuwa kale kamushale ka "imetumwa mara mingi". Yeye alifikiri treni na valizi ni kandida anaenda Kinshasa ku bunge. Wengine kati yetu hawakumuamini. Tulimwambia: hata kama unasema kweli, aende kwa fundi wa umeme, kwake ku nyumba, na muzee moja wa sendika amusindikize.

Fundi aliwapokea, akawapa viti. Alisema maneno machache. Alizaliwa Likasi. Baba yake alikuwa anafanya kazi Gécamines. Mu 1992 alikuwa na miaka ine, na alilala ku gare na mama yake. Anakumbuka baridi ya simenti. Hakusema kitu ingine. Kijana alilia. Fundi alirudi mu grupu nyuma ya juma moja. Lakini mutu moja kati ya wale kumi na mbili wenye walicheka, hawasalimiani naye mupaka leo, na beko banafanya ekipi moja, kwenye moja anakata umeme na mwingine anatia mukono mu mashini. Muelewe vizuri kile tunasema: usalama wetu wa kazi uko mu ile salamu.

Kwa hiyo, kwa kila delege na kila mwenye kuongoza grupu ya bafanyakazi, tunaomba mambo matatu. Andikeni kanuni sasa, mbele ya kampanye: numero na rangi zinaruhusiwa mu grupu ya barafiki, lakini hapana mu grupu ya kazi. Kilulu, treni na bunduki chini ya jina ao picha ya mutu, mwenye kuongoza afute kwa bote; WhatsApp inamupa uwezo ile. Lakini mbele ya kufuta, apige picha ya skrini ayichunge, maana kesho mwenye kutuma atasema hakutuma. Kisha mutume mutu kwa mwenye kuumia, ku nyumba, hapana ku telefone.

Na wewe mama, mwenye kusoma telefone ya mutoto: akikuuliza juu ya nini unakunja uso mbele ya kale ka treni, usimuambie "acha tu". Mukalishe chini, mweleze gare ya Likasi. Kama hatumwambii sisi, ataielezwa na mwenye anataka aitume mbele.