Kikomo cha fidia kwenye risiti si mwisho wa dai

Mfanyabiashara wa vitenge anapeleka robota lenye thamani ya shilingi 84,000 za Kenya kwenye ofisi ya mizigo ya basi jijini Nairobi, lisafirishwe hadi Busia. Analipa nauli ya mzigo, anapewa risiti, anaondoka. Kesho yake mteja wake anavuka mpaka kuja kulichukua, anaambiwa limeshachukuliwa. Anapodai, kampuni inageuza risiti na kumwonyesha maandishi madogo: haitalipa zaidi ya shilingi 5,000 kwa mzigo uliopotea.

Huu ni mfano tu, lakini wanaotumia mabasi ya mpakani wanaujua. Wengi hapo huanza kubishana kwamba kikomo hicho ni cha dhuluma. Kampuni haijali, kwa sababu ubishi huo hauigusi. Swali la kwanza linapaswa kuwa jingine: mzigo ulipatwa na nini hasa?

Swali hilo liulizwe kwa barua, na nakala ya risiti iambatishwe. Robota lilifika Busia lini? Lilitolewa na karani gani, kwa nani, na huyo mtu alionyesha risiti au kitambulisho gani? Kwa sheria ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliyorithi misingi ya Kiingereza, anayelipwa kutunza au kubeba mali ya mwenzake ndiye anayepaswa kueleza ilikokwenda na kwamba hakuzembea. Mwenye mali hahitaji kumtafuta mwizi.

Jibu la kampuni likionyesha kwamba karani alimpa mzigo mtu asiye na risiti, dai limebadilika. Kifungu kinasema “mzigo uliopotea”. Huu haukupotea, ulifika salama, kisha kampuni yenyewe ikaukabidhi kwa asiyehusika. Maneno ya kifungu cha namna hii yakiwa na utata, mahakama huyasoma dhidi ya aliyeyaandika.

Mwaka 1959 jambo kama hilo lilifika Baraza la Privy la London. Baiskeli zilisafirishwa kwa meli kutoka Uingereza hadi Singapore, na wakala wa meli akaziachia bila kudai hati ya shehena. Kampuni ya meli ilikuwa na kifungu kipana cha kujivua dhima baada ya mizigo kushushwa. Baraza lilikataa kukisoma hivyo, kwani shabaha kuu ya mkataba ilikuwa kumpa mzigo mwenye hati. Ikumbukwe kwamba wakala yule alijua anachofanya, na kwamba kifungu kile kilikataa dhima yote. Kifungu kinachoweka kikomo tu husomwa kwa ukali mdogo zaidi, kwa hiyo hoja hii ni nzuri bila kuwa ya uhakika.

Hoja ya pili ni saa. Masharti hayana nguvu yakiletwa baada ya mapatano kukamilika. Mwaka 1949, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba hoteli haikuweza kujikinga kwa tangazo lililobandikwa chumbani, kwa kuwa wageni walilipia mapokezi kabla ya kuliona. Aliyelipia mzigo kwanza, akapewa risiti iliyokunjwa, na dirishani hapakuwa na tangazo, anaweza kusema vivyo hivyo.

Lakini hapa wafanyabiashara wenyewe huwa dhaifu. Anayetuma mizigo kila wiki kwa kampuni ileile kwa miaka mitatu atawezaje kudai kwamba hakujua kilichoandikwa nyuma? Aliyetia sahihi fomu yenye masharti naye hufungwa nayo hata kama hakuisoma. Na kama karani alimwuliza thamani ya mzigo, akaitaja ya chini ili nauli iwe ndogo, ajilaumu mwenyewe. Katika hali hizo ni heri kuacha hoja ya saa na kushikilia ile ya kwanza.

Barua ya kujibu haihitaji ukali. Inatosha kuandika: “Kifungu chenu kinahusu mzigo uliopotea. Wangu mliutoa kwa mtu asiye na risiti. Naomba shilingi 84,000 pamoja na nauli niliyolipa, ndani ya siku 14.” Ankara ya ununuzi iambatishwe, maana bila hiyo thamani hubaki maneno matupu.

Kampuni ikitoa zile 5,000 papo hapo, tazama karatasi inayotaka itiwe sahihi. Ikisema ni malipo ya mwisho, dai lote limezikwa. Zipokelewe tu ikiwa imeandikwa kwamba ni sehemu ya deni na salio bado linadaiwa. Salio hilo lina pa kupelekwa: Kenya, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na Uganda utaratibu kama huo huishia shilingi 10,000,000 za huko.